Kuhifadhi mpangilio wa skrini: kutoka mezani kwenda darasani bila kupanga upya kila mara

Mkufunzi_Takwimu:

Habari zenu wanajukwaa. Ninafundisha takwimu katika chuo kimoja hapa Morogoro na ninatumia kompyuta mpakato yenye Linux Mint, toleo la Xfce. Ofisini nina monita ya inchi 24 ambayo nimeiweka kushoto kwa kompyuta, na ndiyo skrini kuu: kazi zote, upau wa programu na barua pepe viko huko. Darasani ninaunganisha projekta kwa tundu lile lile la HDMI, na hapo ndipo shida inapoanza. Kompyuta huichukulia projekta kana kwamba ni monita yangu ya ofisini, hivyo upau na barua pepe zangu hutokea ukutani mbele ya wanafunzi, huku mimi nikibaki na skrini tupu. Ninatumia kama dakika sita kufungua mipangilio, kuburuta visanduku na kubadili skrini kuu, kisha nikirudi ofisini ninayarudia yote kinyumenyume.

Ninachotaka ni kuhifadhi mipangilio miwili, wa meza na wa darasa, kisha niibadili kwa vitufe au ibadilike yenyewe. Zingatieni kwamba darasani sihitaji picha moja pande zote mbili, kwa sababu ninasoma maelezo yangu kwenye skrini ndogo wakati wanafunzi wanaona slaidi peke yake.

Kaka_Ilala:

Mwalimu, jambo hili ni dogo kuliko unavyolifikiria. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua unachotaka, basi. Kompyuta zote siku hizi hukumbuka zenyewe kila skrini iliyowahi kuunganishwa, nami sijawahi kupanga kitu mara mbili.

Mkufunzi_Takwimu:

Ahsante kaka. Vitufe hivyo hata kwangu vinaleta dirisha dogo la kuchagua. Hata hivyo, linanipa machaguo ya jumla tu: skrini moja, picha moja pande zote, au kutandaza. Haliniulizi skrini kuu iwe ipi wala projekta ikae upande gani. Kuhusu kukumbuka, huenda kwenye Windows ndivyo ilivyo, lakini hapa kwangu haikumbuki.

Bi_Mitambo:

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi wa mitambo ya kumbi za mikutano hapa Mombasa, na kompyuta yangu ya kazi ina mfumo unaokaribiana sana na wako. Kaka wa Ilala hajakosea kuhusu Windows, kwa sababu huhifadhi mpangilio kwa kila kundi la skrini inalolitambua. Tatizo ni kwamba ukumbi mpya huleta skrini ambayo haijawahi kuonwa, na hapo kumbukumbu hiyo haina la kusema.

Kwa mfumo wako, tumia programu inayoitwa `autorandr`. Kabla ya kuisakinisha, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na uandike `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Ukijibiwa `x11`, endelea. Ukijibiwa `wayland`, usiendelee, kwa sababu programu hii haitakuwa na nguvu juu ya skrini zako.

Kila monita na kila projekta inapounganishwa huipa kompyuta kitambulisho chake, yaani kipande kifupi cha data kinachoitwa EDID, ambacho ndani yake kuna mtengenezaji, aina, mara nyingi namba ya kifaa, na orodha ya ukubwa wa picha kinachoukubali. Programu hiyo huhifadhi mpangilio ukiwa umefungwa pamoja na vitambulisho vya skrini zilizokuwapo wakati huo. Kwa hiyo jina la tundu likiwa ni `HDMI-1` ofisini na `HDMI-1` tena darasani, programu haichanganyikiwi, kwa kuwa inatazama kilicho upande wa pili wa kebo.

Panga skrini zako za ofisini kama unavyozipenda, kisha andika:

```
sudo apt install autorandr
autorandr --save meza
```

Nenda darasani, unganisha projekta, panga tena kwa mkono kwa mara ya mwisho, kisha `autorandr --save darasa`. Ukiwa huko, niletee majibu ya amri ya `xrandr`, ambayo huorodhesha na kupanga skrini, ili tuone projekta inasema nini.

Msafiri_wa_Skripti:

Naomba nitofautiane kidogo na dada. Sioni haja ya programu nyingine wakati `xrandr` yenyewe inatosha. Mimi nina faili mbili fupi, moja ya meza na moja ya ukumbi, na kila moja nimeifunga kwenye vitufe vyake. Ya ukumbi ni hii, `eDP-1` ikiwa ni skrini ya kompyuta yenyewe, ukibadilisha namba zilingane na kompyuta yako:

```
xrandr --output eDP-1 --primary --mode 1366x768 --pos 0x0 \
       --output HDMI-1 --mode 1920x1080 --pos 1366x0
```

Mwaka mzima sasa inanifanyia kazi.

Bi_Mitambo:

Ndugu, skripti yako ni sahihi kwa mtu anayetumia ukumbi mmoja. Siku utakapofika penye projekta isiyoukubali ukubwa wa 1920x1080, utaandikiwa `xrandr: cannot find mode 1920x1080`, na kwa kuwa skrini zote mbili ziko katika amri moja, hata ile ya kompyuta haitapangwa upya. Nimewaona watoa mada wakiganda jukwaani kwa ujumbe huo. Hata hivyo amri yako ina kazi yake, kwani mwalimu anaweza kuitumia kupanga kwa usahihi kabla ya kuhifadhi, badala ya kuburuta visanduku.

Mkufunzi_Takwimu:

Marahaba dada. Nimetoka darasani sasa hivi. Mfumo wangu umejibu `x11`, na hii ndiyo sehemu ya mwanzo ya majibu ya `xrandr`, kabla sijapanga chochote:

```
HDMI-1 connected primary 1280x800+0+0
eDP-1 connected 1366x768+1920+312
```

Sielewi hiyo 312 imetoka wapi, kwa sababu sijawahi kuiandika.

Bi_Mitambo:

Hiyo 312 inaeleza shida yako yote. Monita yako ya ofisini ina kimo cha nukta 1080 na skrini ya kompyuta ina 768. Ulipoiburuta skrini ndogo ikae kulia, ukingo wa chini ukilingana na ukingo wa chini wa monita, mfumo uliihesabu kuanzia juu: 1080 ukitoa 768 ni 312. Namba 1920 ni upana wa monita hiyo. Kwa maneno mengine, umeingia darasani ukiwa bado na mpangilio wa meza. Projekta imekalia kiti cha monita, neno `primary` liko kwake, na kati ya mwisho wa projekta kwenye nukta ya 1280 na mwanzo wa skrini yako kwenye 1920 kuna pengo lisiloonekana popote.

Andika amri ile ya ndugu yetu, lakini kwa projekta weka `--mode 1280x800`, kisha hifadhi kwa jina la darasa. Baada ya hapo andika `autorandr` peke yake. Itakuorodheshea mipangilio yote, na ule unaolingana na skrini zilizopo utakuwa na neno `(detected)` mbele yake.

Mama_Ushauri:

Samahani kwa kuingilia. Nimesoma kichwa cha uzi nikafurahi, kwa sababu nina tatizo la namna hii hii. Nikiwa mezani nina madirisha manane, kila moja mahali pake: jedwali la hesabu juu kulia, ripoti kushoto, simu za mtandaoni chini. Nikichomoa monita na kuirudisha, madirisha yote yamerundikana kwenye skrini ndogo. Je, hiyo amri ya kuhifadhi itayarudisha kila moja mahali pake?

Bi_Mitambo:

Hapana mama, haitayarudisha. Inachohifadhi ni skrini zenyewe: ipi iko wapi, ina ukubwa gani, ipi ni kuu. Mahali pa madirisha ni kazi ya programu inayosimamia madirisha, na nyingi huyarundika kwenye skrini iliyobaki bila kukumbuka yalikotoka. Kwenye Windows 11 kuna chaguo la kukumbuka mahali pa madirisha kulingana na monita iliyounganishwa, na kwa watu wengi linafanya kazi.

Mama_Ushauri:

Mimi ninatumia Mint kama mwalimu. Basi nitasubiri mwenye jibu.

Mkufunzi_Takwimu:

Dada, darasa la kwanza limekubali. Nikichomeka kebo, mpangilio unabadilika wenyewe ndani ya sekunde chache, na ofisini vilevile. Leo mchana nimeingia darasa la pili, ambako projekta ni ya zamani na inatumia VGA, kwa hiyo nimeunganisha kupitia adapta ya HDMI kwenda VGA. Hakuna kilichobadilika. Nilipoandika `autorandr`, hakuna mpangilio hata mmoja uliokuwa na neno `(detected)`. Orodha ya ukubwa wa picha katika `xrandr` ilikuwa fupi mno, kubwa kuliko zote ikiwa 1024x768. Je, adapta yangu ni mbovu?

Bi_Mitambo:

Huenda si mbovu. Orodha fupi inayoishia 1024x768 ni dalili kwamba kitambulisho cha projekta hakikufika kabisa. Linux inapoona kuna kitu kimeunganishwa lakini hakijitambulishi, hujiwekea orodha ya ukubwa wa kawaida isiyozidi hapo. Katika kebo ya VGA, kitambulisho husafiri kwa pini zake, tofauti na zile za picha. Kebo za bei nafuu au zilizochoka hukosa pini hizo, na picha inaendelea kuonekana vizuri kana kwamba hakuna tatizo. Jaribu kebo nyingine kabla ya kununua adapta.

Nawe Mwalimu usitegemee kwamba kila projekta itajitambulisha. Katika kumbi nyingi ninazohudumia, kati ya meza ya msemaji na projekta kuna kisanduku cha kugawa au kurefusha ishara, na kompyuta husoma kitambulisho cha kisanduku hicho. Kisanduku kikibadilishwa, mpangilio uliouhifadhi mwezi uliopita haulingani tena, ingawa projekta iliyoko darini ni ile ile.

Ndiyo maana mimi hufanya hivi. Meza ninaitambulisha kikamilifu, kwa kuwa ni yangu na haibadiliki. Kumbi ninazichukulia kuwa wageni. Fungua faili ya `~/.config/autorandr/darasa/setup`. Utaona mistari miwili, kila mmoja ukiwa na jina la tundu likifuatwa na mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Nakili folda nzima ya `darasa` na uiite `ukumbi`, kisha katika nakala hiyo futa mfululizo wa `HDMI-1` na uweke nyota, huku ukiuacha wa `eDP-1` ulivyo:

```
HDMI-1 *
```

Nyota maana yake ni skrini yoyote ile. Katika faili ya `config` iliyo ndani ya folda hiyo hiyo, badilisha ukubwa wa `HDMI-1` kutoka 1280x800 uwe 1024x768, ambao karibu kila projekta huukubali.

Msafiri_wa_Skripti:

Ikiwa 1024x768 inakubalika kila mahali, kwa nini asiutumie huo peke yake katika madarasa yote, akaachana na mpangilio wa `darasa`? Mambo yatakuwa mepesi.

Bi_Mitambo:

Kwa sababu wanafunzi wa nyuma watashindwa kusoma. Tupige hesabu kwa projekta ya darasa la kwanza, ambayo uwezo wake halisi ni 1280x800. Slaidi za mwalimu, nadhani, zina umbo la 16 kwa 9. Projekta ikipokea 1280x800, slaidi inakaa katika nukta 1280 kwa 720. Ikipokea 1024x768, inaikuza hadi kimo cha 800, hivyo picha nzima inakuwa na upana wa nukta 1067 hivi na mistari myeusi pembeni. Ndani ya picha hiyo slaidi inabanwa tena, juu na chini, ikabaki 1067 kwa 600. Eneo la slaidi limeshuka hadi asilimia 69 ya lile la kwanza. Kwa jedwali la takwimu lenye safu kumi, hasara hiyo inaonekana wazi, na herufi zilizokuzwa huwa na ukungu pia. Ukubwa wa chini ni wa kujiokoa, na unapaswa kukaa kwenye mpangilio wa dharura.

Mkufunzi_Takwimu:

Hesabu hiyo imenigusa, kwa kuwa malalamiko ya kutosoma jedwali nimeyapata mara kadhaa nikadhani ni macho ya vijana.

Nina swali moja. Mpangilio wa `ukumbi` unakubali skrini yoyote. Je, hautajichomeka hata ofisini, kwa kuwa monita yangu nayo ni skrini yoyote?

Bi_Mitambo:

Swali zuri. Ofisini mipangilio yote miwili italingana, na programu itachagua mmoja. Kwangu imekuwa ikichagua ule wenye kitambulisho kamili, lakini sipendi kuacha jambo hili kwa bahati. Hakikisha mwenyewe ukiwa mezani: andika `autorandr --change --dry-run`, ambayo inaeleza ingefanya nini bila kukifanya. Usiporidhika, badilisha nyota iwe `00`, ambayo hailingani na skrini yoyote, na utumie `ukumbi` kwa kuuita tu. Katika mipangilio ya kibodi ya Xfce, sehemu ya njia za mkato, funga vitufe utakavyo kwenye amri ya `autorandr --load ukumbi`. Mimi ninapendelea njia hii ya vitufe kwa kumbi zote za wageni, kwa sababu ninataka kuwa ndiye ninayeamua ni lini skrini yangu itaonekana na watu mia mbili.

Ukishindwa kabisa, kuna mpangilio uliokuja na programu yenyewe: `autorandr --load common`. Huweka picha moja kwenye skrini zote kwa ukubwa mkubwa zaidi ambao zote zinaukubali. Utapoteza skrini ya maelezo, ila somo litaendelea.

Muscat_Mhandisi:

Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka Muscat, na ningependa kuongeza jambo ambalo halijatajwa. Xfce ina msimamizi wake wa skrini, ambaye naye huhifadhi mipangilio katika dirisha la skrini, ukurasa wa mipangilio ya juu, na ana chaguo la kuitumia yenyewe skrini mpya inapounganishwa. Ukimwacha afanye kazi pamoja na `autorandr`, wote wawili wataisikia kebo ikichomekwa na kila mmoja atapanga anavyojua. Dalili yake ni skrini kuwaka, kuzima, kuwaka tena, kisha kutulia kwenye mpangilio usioutaka, na si kila mara, jambo linalochosha sana kulitafutia chanzo. Chagua msimamizi mmoja. Kwa mtu mwenye meza moja na darasa moja, huyo wa Xfce peke yake anatosha wala hahitaji kusakinisha kitu. Mwalimu mwenye kumbi za kila namna anahitaji ile nyota, ndipo `autorandr` inapofaa.

Mkufunzi_Takwimu:

Wa alaykum salaam. Umenifafanulia kwa nini jana skrini iliwaka mara tatu. Nimezima lile la Xfce.

Lakini baada ya kulizima kumetokea jambo jipya. Nilipochomoa projekta na kuondoka, mshale wa kipanya uliendelea kupotea upande wa kulia, na dirisha moja la barua sikuliona tena hadi niliporudi ofisini.

Bi_Mitambo:

Andika `xrandr` wakati hali hiyo ipo. Ninadhani utaona mstari wa namna hii:

```
HDMI-1 disconnected 1280x800+1366+0
```

Neno `disconnected` likifuatwa na vipimo maana yake kebo imetoka lakini nafasi yake haijafutwa, na dirisha lako liko gizani huko. Umehifadhi mipangilio ya skrini mbili peke yake, hivyo kompyuta ikibaki yenyewe hakuna mpangilio unaolingana, na `autorandr` isipopata unaolingana huacha mambo yalivyo. Andika `xrandr --output HDMI-1 --off`, kisha `autorandr --save peke`. Huo ni mpangilio wa tatu, nami nilipaswa kuutaja tangu mwanzo.

Ukiwa nao, unaweza kuongeza jambo lenye manufaa darasani. Ndani ya folda ya `darasa` weka faili iitwayo `postswitch`, na uipe ruhusa ya kutekelezwa kwa `chmod +x`. Itaendeshwa kila mara mpangilio huo unapoingia:

```
#!/bin/sh
xfconf-query -c xfce4-notifyd -p /do-not-disturb -s true
xfconf-query -c xfce4-power-manager \
  -p /xfce4-power-manager/presentation-mode -s true
```

Amri ya kwanza inanyamazisha arifa, ya pili inazuia skrini isizime katikati ya maelezo. Washa na uzime vyote viwili kwa mkono mara moja kabla, la sivyo amri italalamika kwamba kitu hicho hakipo. Kisha weka faili hiyo hiyo katika `ukumbi`, na katika `meza` na `peke` iweke ikiwa na `false`. Ukiisahau kwenye `peke`, utatoka darasani ukaenda nyumbani arifa zikiwa zimenyamazishwa na skrini haizimi, huku ukishangaa betri inakwenda wapi.

Dada_Ubuntu:

Naomba kuuliza kwa tulio na Ubuntu ya kawaida yenye GNOME. Amri yangu imejibu `wayland`. Mimi nina monita moja tu, lakini ninataka mipangilio miwili tofauti kwa monita hiyo hiyo: mmoja wa kuandika, mmoja wa kuwaonyesha wateja wanapokaa upande wa pili wa meza.

Muscat_Mhandisi:

Dada, GNOME huhifadhi yenyewe katika `~/.config/monitors.xml`, kwa mtengenezaji, aina na namba ya kila skrini. Kwa kila kundi la skrini hukumbuka mpangilio mmoja, ule wa mwisho ulioukubali. Hivyo kwa mtu wa meza na darasa inatosha, lakini kwa monita moja yenye mipangilio miwili haitoshi. Kwenye Sway, mazingira mengine yanayotumia Wayland, kuna programu ya `kanshi` kwa kazi hii, lakini haifanyi kazi ndani ya GNOME. Mwenye njia anayoiamini kwa GNOME atueleze, kwa kuwa mimi mwenyewe ningeitumia.

Mkufunzi_Takwimu:

Ninaleta mrejesho. Wiki hii nimefundisha katika vyumba vitatu. Cha kwanza kilijipanga chenyewe. Cha VGA, baada ya kubadilisha kebo, projekta ilijitambulisha, orodha ikafika 1280x800, nami nikakihifadhi kwa jina lake. Cha tatu nilikiingia kwa vitufe vya `ukumbi`, na slaidi zilitokea ukutani kabla mwanafunzi wa mwisho hajakaa.

Kulikuwa na kasoro moja: LibreOffice ilipeleka maelezo yangu ukutani na slaidi kwenye skrini yangu, ingawa skrini zilikuwa zimepangwa sawasawa. Nilibonyeza kitufe cha kubadilishana kilichopo kwenye dirisha la maelezo, vikakaa sawa.

Bi_Mitambo:

Hilo liko ndani ya LibreOffice, katika mipangilio ya onyesho la slaidi, panapochaguliwa skrini ya kuonyeshea. Huenda umewahi kuchagua skrini kwa namba yake ulipokuwa ofisini, ambako monita ndiyo kuu, na namba hizo hazifuati mpangilio wako mpya. Irudishe iwe skrini ya nje bila kutaja namba, mara moja tu, kwa sababu chaguo hilo huhifadhiwa katika mipangilio yako ya LibreOffice, si ndani ya kila faili.

Mkufunzi_Takwimu:

Afadhali, maana nina faili arobaini na mbili za mihadhara. Nitaijaribu kwa ya Jumatatu.